Wiki moja baada ya kuomba kazi: dhana potofu kuhusu ujumbe wa kuulizia

Wengi huamini kwamba wiki ya kusubiri kabla ya kuulizia maombi ya kazi huanza kuhesabiwa siku barua ilipotumwa. Ukweli ni kwamba, tangazo likiwa na tarehe ya mwisho, hesabu huanzia hapo. Dada mmoja wa Area C, Dodoma, aliomba nafasi ya mtunza stoo katika kampuni binafsi Jumatatu ya tarehe 3 Machi, ilhali mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Jumatano ya tarehe 12. Angeuliza tarehe 10, angejibiwa kwamba maombi bado yanapokelewa, au asijibiwe kabisa. Alisubiri hadi tarehe 19.

Dhana ya pili, ambayo naiona kuwa na madhara zaidi, ni kwamba kuulizia ni kuomba huruma, hivyo watu hueleza shida za nyumbani au hukaa kimya kwa aibu. Kazi ya ujumbe huu ni kuthibitisha kwamba maombi yamefika na yanasomeka. Dada yule aliujibu ujumbe wake uleule wa barua pepe, ili afisa aone maombi ya awali papo hapo bila kuyatafuta, akaandika:

"Ndugu Meneja Rasilimali Watu, tarehe 3 Machi niliwasilisha maombi ya nafasi ya Mtunza Stoo, kituo cha Dodoma. Naomba kufahamu kama yalipokelewa, na kama kuna nyaraka inayohitajika kuongezwa. Bado naihitaji nafasi hii, na ninaweza kufika kwenye usaili siku yoyote ya kazi. Natanguliza shukrani."

Chini aliweka jina kamili na namba ya simu. Alijibiwa kesho yake kwamba vyeti havifunguki, kwa sababu alikuwa ametuma kiungo cha Google Drive ambacho hakukiruhusu kufunguliwa na mtu mwingine. Alituma vyeti upya vikiwa faili moja la PDF lililoambatishwa. Asingeuliza, maombi yake yangebaki bila vyeti, naye angedhani amekataliwa.

Wapo pia wanaodhani kwamba anayepiga simu na kutuma WhatsApp kila siku huonekana mwenye bidii. Ujumbe mmoja unatosha. Usipojibiwa, mwingine mfupi baada ya wiki nyingine, kisha uache. Tangazo likisema watakaochaguliwa pekee ndio watakaojulishwa, au likikataza kuuliza, liheshimu.

Kwa nafasi zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ujumbe wa namna hii hausogezi maombi mbele, hata kama unaishi hapa hapa Dodoma na ofisi iko karibu. Maombi hayo hupitia Ajira Portal, na majina ya wanaoitwa kwenye usaili hutangazwa katika tovuti yao. Huko, ingia kwenye akaunti yako, uhakikishe kwamba maombi yalitumwa hadi mwisho na kwamba vyeti vyote vimepandishwa, kisha fuatilia matangazo ya usaili.