Je, Wajua? Meli zote za Antonio zilipotea na hakuna aliyelalamika

"Kwa nini sadfa nyingine kwenye hadithi tunazimeza bila neno, na nyingine zinatufanya tuseme mwandishi ametuchezea?"

Jibu linalosikika sana ni la uwezekano: jambo likiwa adimu kupita kiasi, mwandishi amezembea. Kwa kipimo hicho tungetupa nusu ya hadithi tunazozipenda, maana nyingi zinaanza na jambo adimu: watu wawili wanakutana siku ambayo hawakupaswa kukutana, barua inafika mikononi mwa asiyestahili. Msomaji hapimi uadimu. Anaangalia sadfa imemsaidia nani na imefika wakati gani. Bahati inayomwingiza mhusika matatani hupita kirahisi. Bahati inayomtoa, hasa mwishoni, ndiyo inayokwama kooni.

Fikiria mpira. Refa akiwapa wapinzani penalti ya utata dakika ya tano, utapiga kelele, kisha utakaa uangalie timu yako itafanya nini. Mechi bado ipo, na pengine imenoga zaidi. Sasa refa huyohuyo aipe timu yako penalti ya utata dakika ya tisini, mkiwa sare ya bao moja kwa moja. Umeshinda, lakini jioni nzima utakuwa unautetea ushindi huo. Kosa ni lile lile na refa ni yule yule, ila la kwanza liliwaachia wachezaji kazi ya kufanya na la pili liliifanya kazi hiyo kwa niaba yao.

Wagiriki wa kale walikuwa na chombo cha kazi hiyo, winchi iliyomning'iniza mwigizaji juu ya jukwaa, mara nyingi akiwa mungu anayekuja kumaliza ugomvi. Huko ndiko lilikotoka jina "mungu wa mashine" kwa wokovu wa ghafla wa namna hii. Wengi hudhani kosa ni huyo mungu. Lakini mfano alioulalamikia mwanafalsafa Aristotle ni mwisho wa tamthilia ya Medea ya mwaka 431 KK, na hapo hashuki mungu yeyote. Medea anatoroka kwa gari la babu yake, Jua, lililoinuliwa kwa winchi hiyohiyo. Alichotaka Aristotle ni kwamba fundo lifunguliwe na matukio yenyewe ya hadithi, na winchi ibaki kwa mambo yaliyo nje ya tamthilia, kama yaliyotokea kabla au yatakayokuja baadaye. Kwa hiyo mashine inaweza kuwa wakili, urithi wa mjomba, mvua, au simu inayoita kwa wakati wake. Na mungu anaweza kushuka bila kuharibu chochote, kama amekuwemo kwenye hadithi tangu mwanzo.

Tamthilia nzuri ya kujaribia haya ni ile ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliileta kwa Kiswahili mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, kwa sababu ina karibu kila aina ya bahati.

Antonio anamdhamini rafiki yake Basanio kwa mkopo wa dukati 3,000 wa miezi mitatu kutoka kwa Shailoki, Myahudi anayekopesha fedha. Akishindwa kulipa, atakatwa ratili moja ya nyama ya mwili wake. Hana wasiwasi: meli zake zitarudi mwezi mmoja kabla ya siku ya deni, tena mali yake haiko kwenye chombo kimoja wala haikuelekea mahali pamoja. Kisha zinapotea zote. Basanio mwenyewe anashangaa na kuhesabu: Tripoli, Meksiko, Uingereza, Lisboni, Afrika Kaskazini, India, hata moja isipone?

Kwa hesabu za kawaida hili ni jambo la ajabu sana, bahari mbalimbali kukubaliana dhidi ya mfanyabiashara mmoja ndani ya miezi mitatu. Lakini ukumbini hakuna anayeguna. Sababu ya kwanza ni ile ya penalti ya mapema: bahati hii imelikaza fundo. Sababu ya pili ni kwamba tumeandaliwa. Katika onyesho la kwanza kabisa marafiki wa Antonio wanazungumzia miamba na upepo, na Shailoki, kabla ya kutoa fedha, anakumbusha kwamba meli ni mbao tu na mabaharia ni watu tu. Hata habari za hasara haziji kwa mkupuo: kwanza tetesi ya meli moja, halafu nyingine, ndipo zote.

Wokovu unakuja mahakamani. Porshia, mke wa Basanio, aliyejivika nguo za kiume na kujiita mwanasheria, anasema mkataba unataja nyama na hautaji damu hata tone. Je, hii ni mashine? Ili kujua, rudi nyuma ya tukio la wokovu na uulize: nyenzo zake zilikuwa tayari jukwaani? Mkataba tuliusikia ukifungwa. Na kabla ya kesi tulimwona Porshia akimtuma mtumishi mjini Padua kwa binamu yake, mwanasheria Dakta Belario, akalete maandishi na mavazi, kisha akimwambia kijakazi wake Nerisa kwamba watavaa kama wanaume. Onyesho hilo ni fupi. Lifute, na kijana asiyejulikana anaingia mahakamani na kumwokoa Antonio: hapo winchi inalia. Liache, na tunabaki tukingoja kuona atafanyaje. Anayeandika hadithi anaweza kuutumia mtihani huu kwa rasimu yake, na mara nyingi dawa ni kuhamishia sentensi moja au mbili sura kadhaa nyuma.

Hata hivyo tamthilia yenyewe si safi. Katika kesi hiyohiyo Mtawala wa Venisi anasema yeye pia amemwita mtaalamu wa sheria aje kuamua, na mtaalamu huyo ni Belario! Kati ya wanasheria wote, aliyemchagua ni binamu wa Porshia. Hii ni bahati inayomsaidia shujaa tena karibu na kilele, aina ile ile niliyosema hukwama. Inapita, nadhani, kwa sababu macho yetu yako kwenye kisu cha Shailoki, na kwa sababu inamfungulia Porshia mlango tu. Hoja ya damu ni lazima aitoe mwenyewe. Lakini sitamlaumu msomaji atakayeikataa.

Dakika chache baadaye Porshia anatoa sheria ambayo hatujawahi kuisikia: mgeni anayetaka kumwua raia wa Venisi hupoteza mali yake, na uhai wake huwa mikononi mwa Mtawala. Kwa mtihani wetu hii imeanguka kutoka juu. Ingetumika kumwokoa Antonio, ingekuwa mfano wa kufundishia. Ila Antonio ameshaokoka. Sheria hii inamwadhibu Shailoki, na ubaya wa sheria yenyewe unaonekana zaidi kwa wanaomhurumia.

Bahati ya mwisho ndiyo ya kuchekesha. Usiku, mambo yote yakiwa yamekwisha, Porshia anampa Antonio barua: meli zake tatu zilizodhaniwa zimepotea zimefika bandarini salama, zimejaa mali. Ameipataje barua hiyo? Anamwambia wazi kwamba hatajua ni kwa bahati gani ya ajabu imemfikia. Shakespeare hajisumbui hata kubuni kisingizio. Habari hiyo ingefika kabla ya siku ya deni, deni lingelipwa na hoja ya damu isingehitajika. Kwa kuwa imefika baada ya kesi, haimfungulii mtu fundo lolote, na komedia ina ruhusa ya kugawa zawadi mlangoni.