Mang'ati si kabila

Ukisimama ufukweni Mwanza ukatazama kaskazini, unaona maji matupu. Hata hivyo Msukuma maana yake ni mtu wa kaskazini, kwa sababu katika Kisukuma neno sukuma ndivyo linavyotaja upande huo. Jina lilianza kwa majirani zao wa kusini, Wanyamwezi. Wasukuma nao wakawaita wale Badakama, watu wa kusini. Wanaisimu huita jina la kupewa na watu wa nje eksonimu, na lile ambalo watu hujiita wenyewe endonimu. Hapa la kupewa limegeuka kuwa la wenyewe, na sijakutana na Msukuma anayelionea haya. Kutaja upande mtu anakokaa hakumtukani.

Mang'ati ni habari nyingine. Wengi wetu tunalitumia kwa wafugaji wanaoishi Manyara, Singida na hata huku kwetu Kanda ya Ziwa, tukidhani ndilo jina la kabila lao. Wao hujiita Datoga. Wasukuma huwaita Wataturu.

Mang'ati ni Kimaasai: il-mang'ati ni maadui. Wamaasai na Wadatoga walipigana kwa muda mrefu, na katika karne ya 19 Wadatoga wakasukumwa kutoka Ngorongoro, ambako makaburi ya wazee wao yamebaki. Kinywani mwa Mmaasai neno hilo lilikuwa na maana wazi, na wapo wanaosema lilibeba hata heshima kwa adui anayejua kupigana. Sisi tulilichukua bila vita vyake. Tukalivua kile kiambishi il-, tukalipachika cha kwetu, tukapata Mmang'ati na Wamang'ati, na kwa kuwa linafanana na Mgogo na Wagogo, hakuna aliyeuliza maana yake.

Madhara yake huonekana mfugaji anapokwenda kuandikisha mtoto au kutoa maelezo baada ya ugomvi wa malisho. Karani anaandika kabila: Mang'ati. Mtu huyo ameandikwa "adui" kwenye karatasi ya serikali yake mwenyewe, kwa lugha ya waliomfukuza.

Mtu anaweza kunijibu: mbona baadhi yao husema wenyewe, "mimi Mang'ati"? Kweli husema, wakiongea Kiswahili na mgeni, maana wanajua akisikia Datoga atauliza ni nini. Sikiliza wanavyojitaja wakiongea lugha yao. Hapo ndipo endonimu hujulikana. Ugumu mwingine ni kwamba ndani ya Wadatoga kuna makundi, kama Wabarbaig, na wapo wanaopenda kuitwa kwa jina la kundi. Hapo ni kumuuliza mhusika tu.

Majina ya mahali hubadilika polepole zaidi. Ng'ambo ya ziwa, Ghuba ya Kavirondo sasa ni Ghuba ya Winam, na Mluo au Mluhya ukimwita Mkavirondo leo atakukatalia. Uwanda wa Mang'ati, kule Hanang, bado unaitwa hivyo.