Alizeti bado iko shambani: namna ya kukisia ushuru wa mazao bila kujidanganya

Januari katika Mkoa wa Dodoma ni mwezi wa palizi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, alizeti na mtama ndiyo kwanza vimeota, na hakuna anayejua kama Februari itakuwa na ukame wa katikati. Mwezi huohuo, mezani kwa mweka hazina wa halmashauri kuna jedwali linalosubiri kujazwa: makisio ya mapato ya ndani kwa mwaka wa fedha utakaoanza Julai 1. Sehemu kubwa ya ushuru wa mazao utakaokusanywa Julai hadi Septemba itatoka kwenye mimea hiyo hiyo inayopaliliwa sasa.

Sisi tunaofundisha watumishi wa serikali za mitaa tumezoea kuona jedwali hilo likijazwa kwa njia ya mkato: chukua makusanyo ya mwaka uliopita, ongeza asilimia kadhaa. Njia hiyo inavumilika kwenye kodi ya pango la vibanda vya soko, kwa sababu vibanda havitegemei mvua. Kwenye mazao inapotosha, na tuone kwa halmashauri ya mfano.

Tuseme halmashauri hii inategemea alizeti, na kwa miaka mitano mfululizo imekusanya ushuru wa shilingi milioni 300, 420, 280, 340 na 460. Afisa mapato anapiga hesabu ya ukuaji wa kila mwaka: kupanda asilimia 40, kushuka 33, kupanda 21, kupanda 35. Anajumlisha, anagawa kwa nne, anapata wastani wa ukuaji wa asilimia 16. Anauongeza juu ya milioni 460, na makisio yanakuwa karibu milioni 534.

Hesabu haijakosewa popote, ila jibu halifai. Tazama miaka mitatu ya mwanzo tu. Makusanyo yalitoka 300 yakaishia 280, yaani yalipungua. Lakini wastani wa kupanda asilimia 40 na kushuka 33 unasema yamekua kwa zaidi ya asilimia 3. Kosa linatokana na kwamba asilimia ya kupanda inapigwa juu ya namba ndogo na ya kushuka juu ya namba kubwa, hivyo chanzo kinachoyumba kitaonekana kinakua hata kama kimesimama palepale. Kosa la pili ni kuanzia juu ya 460, mwaka mzuri kuliko yote, kana kwamba ndio mwaka wa kawaida. Wastani wa miaka yote mitano ni milioni 360, na wa mitatu ya mwisho nao ni 360. Huo ndio usawa wa chanzo hiki.

Dodoma mjini kuna funzo kama hilo kwenye viwanja. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ilipovunjwa mwaka 2017, majukumu yake ya upimaji na ugawaji ardhi yalihamia kwa iliyokuwa Manispaa, ambayo mwaka uliofuata ikawa Jiji, na fedha za kuuza viwanja zikaingia kwenye mapato yake. Kiwanja kikishauzwa hakiuzwi tena na mwenye nacho wa kwanza, kwa hiyo fedha ya viwanja lazima itolewe pembeni kabla mtu hajachora mstari wa mwenendo.

Turudi kwenye alizeti. Baada ya kujua usawa wa chanzo, hatua ya maana ni kuuvunja ushuru katika vipande vinavyouzaa: tani, bei, kiwango cha kisheria, na sehemu tunayoifikia kweli. Mwaka ule wa milioni 460, takwimu za maafisa ugani zilionyesha tani 22,000 na bei ilikuwa shilingi 1,000 kwa kilo. Kwa ushuru wa asilimia 3, kilichostahili kukusanywa ni milioni 660. Kumbe halmashauri ilifikia asilimia 70 tu ya haki yake. Tani nyingine zilipita njia za panya usiku, au zilisafirishwa kidogo kidogo.

Hapa kuna maneno mawili yanayochanganywa kila kikao. "Tumekusanya asilimia 92" kwa kawaida maana yake ni asilimia 92 ya bajeti. Hiyo inapima tu kama bajeti ilikuwa karibu na ukweli. Ukitaka ipande, kisia kidogo. Kiwango cha ukusanyaji kinachosaidia kukisia ni kile cha kulinganisha kilichoingia na kilichostahili kuingia. Kukipata si kazi kubwa: linganisha tani zilizokatiwa risiti kwenye mashine za posi na tani za afisa kilimo, kata kwa kata. Kata ambayo mavuno yake ni mengi na risiti zake chache ndiyo ya kwenda kuikagua.

Sasa kisia mwaka ujao. Afisa kilimo anatazamia tani 20,000. Bei ni kitendawili, maana ya alizeti inabanwa na mafuta ya kula yanayoagizwa nje na ushuru wa forodha unaowekwa juu yake, mambo ambayo hakuna baraza la madiwani linayaamua. Chukua shilingi 800. Kinachostahili ni milioni 480, na kwa asilimia 70 kitakachoingia ni milioni 336. Mkurugenzi akisema tutaongeza nguvu, muulizeni nguvu gani: vizuizi vingapi vipya, mashine ngapi, kuanzia mwezi gani. Kwa majibu ya kueleweka unaweza kupanda hadi asilimia 75, na makisio yawe milioni 360. Kati ya hapo na 534 hakuna alizeti.

Kwa nini basi 534 hupita? Mara nyingi ni kwa sababu matumizi yalipangwa kwanza, pengo likaonekana, na mapato yakavutwa hadi yalizibe. Dalili yake iko kwenye historia. Kama miaka mitano makusanyo yalikuwa asilimia 88, 71, 83, 79 na 74 ya bajeti, hiyo si bahati mbaya. Bahati mbaya ingekosea juu na chini. Hii imekosea upande mmoja mara zote tano.

Madhara yake hayagawanyiki sawa. Tuseme mapato yote ya ndani yalikisiwa milioni 2,000, na milioni 800 zikapangwa kwa maendeleo, yakiwemo mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Zikaingia milioni 1,500, pungufu ya robo. Matumizi ya kawaida ya milioni 1,200, yaani posho za vikao, umeme, mafuta na vibarua, hulipwa kwanza kwa kuwa hayasubiri. Maendeleo yanabaki na milioni 300 badala ya 800. Upungufu wa robo umekula zaidi ya asilimia 60 ya maendeleo, na darasa ambalo wananchi walishalijenga hadi lenta linangoja bati.

Hata bajeti ikishapita, Desemba inatoa nafasi ya kuirekebisha, mradi usizidishe makusanyo ya nusu mwaka kwa mbili. Ushuru wa mazao huingia kwa wingi baada ya mavuno, kisha hukauka. Kama kumbukumbu za nyuma zinaonyesha Julai hadi Desemba huleta asilimia 62 ya mwaka, na mwaka huu zimeingia milioni 200, gawa 200 kwa 0.62. Utapata karibu milioni 323, si 400, na Kamati ya Fedha, Utawala na Mipango inaweza kuamua Januari ni mradi upi usianze.