Dakti Zinazovuja Chini ya Bati: Mastiki Kwanza, Kufunika Baadaye

Wateja wengi wa Mbeya na Iringa huniita wakiamini kwamba kiyoyozi chao kimeisha gesi, wakati gesi ipo kamili na hitilafu imejificha juu ya dari. Nyanda za juu zina sifa ya baridi, na kwa sababu hiyo waliojenga hawakuona haja ya kufunika dakti, yaani ile mifereji ya bati inayosafirisha hewa kati ya mashine na vyumba. Hewa ya nje mwezi wa Oktoba ikiwa nyuzi 27 tu, nafasi iliyo kati ya dari na bati hufika nyuzi 50 mchana, kwa kuwa jua la mwinuko huu ni kali na bati hupata joto sana. Dakti iliyo wazi inapita katikati ya tanuri hilo, na kama viungo vyake vinavuja, hasara ni ya aina mbili ambazo hazitibiwi kwa dawa moja.

Nitaeleza kwa kutumia stoo moja ya dawa jijini Mbeya, ambayo hewa yake inatakiwa isizidi nyuzi 25. Mfamasia aliyeisimamia alinieleza hivi: «Fundi, asubuhi hatuna shida yoyote. Ikifika saa nane mchana mashine inanguruma, lakini kipimajoto kinapanda tu, na gesi wameshaongeza.» Maneno hayo peke yake yalinielekeza darini, kwa maana mashine iliyopungukiwa gesi huwa dhaifu asubuhi pia, ingawa udhaifu wake hauonekani haraka, ilhali hasara ya dakti hupanda na kushuka pamoja na jua.

Kabla ya kufungua kitu chochote nilipima joto mahali panne katika saa ileile ya mchana. Hewa iliyokuwa ikiingia kwenye grili ya kurudishia, yaani mdomo unaonyonya hewa ya stoo kuirudisha kwenye mashine, ilikuwa nyuzi 26. Hewa hiyohiyo ilipofika mlangoni mwa mashine ilikuwa nyuzi 30. Mashine iliitoa ikiwa nyuzi 17, na grili ya mbali zaidi ilitoa hewa ya nyuzi 22. Ukizitazama namba hizi kwa utulivu utaona kwamba mashine ilikuwa inafanya kazi yake barabara: ilishusha joto kwa nyuzi 13. Nne kati ya hizo zilitumika kuondoa joto lililoingia njiani kabla ya mashine, tano zilipotea baada ya mashine, na nne tu ndizo zilizoifikia stoo.

Zile nyuzi nne za mwanzo ndizo zinazostahili kueleweka vizuri, kwa sababu kipimajoto cha kawaida kinatosha kukisia ukubwa wa tundu usiloliona. Dakti ya kurudishia hewa inanyonya. Kiungo chake kikiwa wazi hakitoi hewa nje, bali huvuta hewa ya darini na kuichanganya na ile inayotoka chumbani. Hewa ya darini siku ile ilikuwa nyuzi 50, na ya chumbani nyuzi 26, kwa hiyo tofauti yao ni 24. Mchanganyiko ulipanda kwa nyuzi 4. Nne kwa ishirini na nne ni moja ya sita, maana yake ni kwamba takriban moja ya sita ya hewa iliyokuwa ikiingia kwenye mashine haikutoka kwenye stoo hata kidogo, ilitoka chini ya bati. Hesabu hii huzidisha uvujaji kidogo, kwa kuwa sehemu ya ongezeko hilo hutokana na joto linalopenya kwenye bati la dakti yenyewe, lakini dakti ya kurudishia ikiwa fupi, kama ilivyokuwa pale, kosa hilo ni dogo.

Upande wa kupelekea hewa mambo ni tofauti. Huko dakti inasukuma, na kiungo kilicho wazi hutoa hewa baridi darini. Hewa inayobaki ndani haipati joto kwa sababu ya tundu lenyewe, inapungua wingi tu. Hivyo zile nyuzi tano zilizopotea baada ya mashine hazikuwa ushahidi wa tundu, zilikuwa ushahidi wa bati lisilofunikwa. Dakti ile ya duara ina kipenyo cha milimita 300 na urefu wa mita 12, ambayo ni zaidi ya mita 11 za mraba za bati tupu zinazopokea joto kutoka pande zote. Mwinuko nao unachangia: Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu moja ya sita, kwa hiyo ujazo uleule wa hewa hubeba ubaridi mchache na hupata joto upesi zaidi njiani. Fundi anayekuja na makadirio ya pwani hushangazwa na jambo hili.

Kuvipata viungo vinavyovuja nilipanda darini saa moja asubuhi, kabla bati halijashika moto, nikikanyaga kenchi tu, kwa kuwa jipsamu haibebi mtu. Feni ikiwa inazunguka, nilipitisha kijiti cha udi kinachofuka kwenye kila kiungo, mbali na kitu kinachoweza kushika moto. Upande wa kurudishia, moshi ulipinda ghafla na kumezwa kwenye kona ya sanduku la bati linalounganisha dakti na mashine. Kona ile ilikuwa na mstari mweusi wa vumbi uliochorwa na hewa iliyopita hapo kwa muda mrefu, na juu yake tepu ya kitambaa iliyokauka ilining'inia kama ganda la ndizi.

Tepu hiyo ya kitambaa, ile ya kijivu inayouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, haifai kwa kazi hii. Gundi yake ni ya mpira na hukauka kwa joto. Mwaka 1998 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley ya Kalifonia, Max Sherman na Iain Walker, walitangaza matokeo ya kuzizeesha kwa haraka bidhaa mbalimbali za kuzibia dakti, na tepu ya kitambaa ndiyo iliyoshindwa vibaya, ilhali mastiki, yaani uji wa kuzibia unaopakwa kwa brashi, ilidumu. Chini ya bati letu sioni sababu ya kuirudia.

Mastiki ni uji mzito wa kupaka unaokauka na kubaki na unyumbufu, hivyo unafuata dakti inapotanuka mchana na kusinyaa usiku. Nunua ile iliyotengenezwa kwa ajili ya dakti, yenye alama ya UL 181 kwenye ndoo. Jambo la kwanza kulishika ni kwamba mastiki haibebi uzito. Kiungo kinachocheza kifungwe kwanza kwa skrubu, angalau tatu kwa dakti ya duara zilizogawanywa sawa kuzunguka, ndipo kipakwe. Bati lisafishwe kwa maji ya sabuni ili kuondoa vumbi, mafuta ya kiwandani na mabaki ya gundi ya zamani, kisha likaushwe kabisa. Mastiki ikipakwa juu ya vumbi hushika vumbi, na siku moja hubanduka ukanda mzima.

Nilipaka kwa brashi ngumu, nikiisukuma ndani ya ufa kwanza, kisha nikaitandaza sentimita chache kila upande kwa unene wa milimita mbili hadi tatu. Kipimo changu cha macho ni hiki: ukiona mng'ao wa bati au umbo la kichwa cha skrubu chini yake, umepaka nyembamba mno. Ile kona ilikuwa na mwanya unaozidi milimita sita, na hapo mastiki peke yake huzama na kupasuka ikikauka. Dawa yake ni wavu wa nyuzi za kioo: unapaka tabaka la kwanza, unaulaza wavu na kuukandamiza hadi uloe, kisha unapaka tabaka la pili juu yake. Sehemu moja tu usiipake kamwe, nayo ni mlango wa kichujio. Huo unahitaji kufunguliwa, kwa hiyo uwekewe ukanda wa sponji unaojibana.

Ukaukaji unahitaji subira. Ngozi ya juu hukauka kwa saa chache, lakini ndani huchukua siku nzima, na wakati wa masika au baridi ya Juni huchukua siku mbili au zaidi. Ukifunika kabla ya hapo, foili ya kifuniko huzuia maji yasitoke, na mastiki hubaki laini chini yake. Sababu nyingine ya kutofunika mapema ni kwamba kifuniko huficha uvujaji bila kuuzuia. Kwa hiyo nilirudia vipimo dakti zikiwa bado wazi: grili ya kurudishia nyuzi 23.5, mlango wa mashine 24.3, na darini 49.5. Ongezeko la 0.8 kwa tofauti ya 26 ni sehemu tatu kwa mia, na kiasi kikubwa cha hilo nadhani ni joto la kupenya tu.

Kufunika nilitumia sufi ya kioo yenye unene wa milimita 50 na foili upande mmoja, na foili hiyo ikae nje. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kukata sufi kwa mzunguko wa dakti na kisha kuivuta ili ncha zikutane. Kinachozuia joto ni hewa iliyotulia kati ya nyuzi, na sufi iliyobanwa hadi nusu ya unene hupoteza karibu nusu ya uwezo wake. Kata kwa mzunguko wa nje: kipenyo cha milimita 300 ongeza 50 kila upande ni 400, zidisha kwa 3.14 upate karibu 1,260, kisha ongeza 40 au 50 za kupishanisha foili. Mikanda ya kuning'inizia nayo isiibane. Weka kipande kipana cha bati chini ya sufi mahali mkanda unapobeba.

Kila mshono wa foili uzibwe kwa tepu ya alumini na ukandamizwe vizuri. Dakti iliyotibiwa hubeba hewa baridi kuliko awali, nayo stoo ile ilikuwa sasa inapelekewa hewa ya nyuzi 12.8. Hewa yenye unyevu ya miezi ya mvua ikipenya kwenye mshono na kulifikia bati hilo, itatoa jasho, sufi italowa na doa la kahawia litatokea kwenye jipsamu. Doa la namna hiyo likionekana chini ya dakti siku isiyo na mvua, tafuta foili iliyochanika kabla ya kulilaumu paa.

Baada ya kufunika, grili ya mbali ilitoa hewa ya nyuzi 13.8 saa nane mchana, yaani nyuzi tano zilizopotea njiani zilibaki moja. Kelele ya grili ya karibu iliongezeka kidogo, kwa kuwa hewa iliyokuwa ikitorokea darini sasa inapita kwenye grili, na ilibidi nizipange upya bamba zake za kurekebisha mtiririko.