Indiketa inakimbia baada ya kubadili balbu? Acha kwanza kununua rilei

Gari likiletwa kwangu indiketa ikiwa inakimbia, huuliza swali moja kabla ya kushika bisibisi: mara ya mwisho umegusa nini? Mara nyingi jibu ni, "Nilibadili balbu tu, fundi." Basi nusu ya kazi imekwisha, kwa sababu rilei, kile kifaa kinachoipigisha indiketa, haifi kwa bahati mbaya siku ileile uliyobadili balbu. Iko hai, na inalalamika.

Inalalamika juu ya nini? Rilei ya kielektroniki hupitisha ndani yake umeme wote unaokwenda kwenye taa za upande mmoja, na huupima. Chukua gari la kawaida la volti 12: mbele kuna balbu ya wati 21, nyuma ya wati 21, na ile ndogo ya ubavuni wati 5. Jumla ni wati 47, yaani karibu ampea 3.9. Balbu moja kubwa ikiungua zinabaki wati 26, na umeme unashuka hadi ampea 2.2 hivi. Rilei imewekewa mpaka katikati ya namba hizo mbili. Umeme ukishuka chini ya mpaka, inaongeza kasi, mara nyingi karibu maradufu, ili dereva ajue kuna taa isiyowaka. Kasi ya kawaida ni mapigo 60 hadi 120 kwa dakika. Inayokimbia utaijua kwa sikio, huhitaji saa.

Kwa hiyo rilei haiangalii kama balbu inawaka. Inaangalia balbu inakunywa umeme kiasi gani. Watu wengi hupotea hapo.

Kuna gari moja lililetwa likikimbiza indiketa ya kulia peke yake. Mwenyewe alikuwa amebadili balbu ya nyuma, akaona inakimbia, akanunua rilei mpya, ikakimbia vilevile. "Taa zote zinawaka, nimezunguka gari mara mbili," akaniambia. Ni kweli zilikuwa zinawaka. Lakini upande wa kushoto ulikuwa unapiga vizuri kwa rilei hiyohiyo, na hilo peke yake linaitoa rilei kwenye orodha ya watuhumiwa. Nikamwambia awashe hazadi, zikapiga kwa mwendo wa kawaida. Hilo nalo lisikudanganye: kwenye hazadi balbu za pande zote mbili hunywa kwa pamoja, jumla inapita mpaka, na rilei nyingi za kawaida hazioni pengo la balbu moja.

Nikasimama nyuma ya gari nikalinganisha kulia na kushoto. Ya kushoto ilikuwa kali, ya kulia imefifia na rangi yake imeelekea wekundu, kama kaa la moto linalozimika. Nikaitoa balbu na kusoma maandishi kwenye kitako chake: 24V 21W. Balbu ya lori! Umbo lake ni lilelile, vipini vyake ni vilevile, inaingia bila ubishi. Ila imetengenezwa kwa volti 24, na ukiipa 12 inakunywa kama ampea 0.6 badala ya 1.75. Piga hesabu: mbele 1.75, ubavuni 0.4, nyuma 0.6, jumla 2.75. Rilei ikaona pengo, ikakimbia. Tulipoweka balbu ya 12V 21W, ikatulia. Rilei ya zamani aliyoitoa tuliirudisha ilipokuwa, ilikuwa nzima kabisa.

Tangu hapo kitu cha kwanza ninachofanya ni kusoma kitako cha balbu. Volti iwe 12, wati ziwe zile zilizoandikwa kwenye ile ya zamani au kwenye mfuniko wa taa.

Ikiwa balbu ni sahihi na bado imefifia, shuku waya wa hasi. Taa za nyuma za upande mmoja kwa kawaida hutumia waya mmoja wa hasi, na soketi ikiingia maji hushika kutu ya kijani au nyeupe. Dalili yake huitazami kwa mita, unaitazama kwa macho: washa taa ndogo, kisha indiketa. Taa ndogo ya nyuma ikicheza kwa mwendo wa indiketa, umeme unakosa njia ya kurudi na unajipitisha kwenye balbu za jirani. Ukitaka uhakika, gusisha ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye pini ya hasi ya soketi huku indiketa ikipiga. Inapaswa kukaa karibu na sifuri, isizidi volti 0.2. Ikiruka hadi volti 2 au 3 kila taa inapowaka, safisha soketi, kaza ile skrubu inayofunga waya kwenye bodi, au pitisha waya mpya.

Balbu za LED ni kesi ya namna hiyohiyo. Zinawaka vizuri sana lakini zinakunywa umeme kidogo mno, na rilei inadhani hakuna balbu. Kwenye gari lenye rilei ya kuchomoa, mimi huweka rilei ya LED, ambayo haijali ampea. Soma herufi kwenye miguu kabla ya kuichomeka: B ni umeme unaoingia, L unaokwenda kwenye taa, E ni hasi, na mpangilio wake hutofautiana kati ya magari. Fahamu pia kwamba rilei hiyo haitakuambia tena balbu ikiungua.

Magari mengi mapya hayana rilei ya kuchomoa. Kompyuta ndiyo inayopigisha indiketa, na ule mlio unatoka kwenye spika. Hapo inabaki rezista ya omu 6 yenye uwezo wa wati 50, iungwe sambamba na balbu, waya mmoja kwenye chanya ya indiketa na mwingine kwenye hasi. Inakunywa ampea 2 na kuzigeuza kuwa joto tupu. Ifunge kwa skrubu kwenye bati la bodi. Nimekuta imefungwa kwa tepu juu ya nyaya, plastiki imeyeyuka na nyaya ziko uchi.

Na indiketa isiyopiga kabisa? Kama inawaka bila kucheza, huenda gari ni la zamani lenye rilei ya joto, ile ya miguu miwili. Ndani yake kuna kibati kinachojikunja kikipashwa na umeme wa balbu. Umeme ukiwa mdogo hakipati joto la kutosha, hivyo badala ya kukimbia kinapiga polepole au kinabaki kimeganda. Sababu zake ni zilezile nilizotaja juu.

Kama haiwaki popote lakini hazadi zinafanya kazi, anza na fyuzi ya indiketa, maana kwenye magari mengi hazadi ina fyuzi yake. Balbu iliyosukumwa kwa upande huku swichi ikiwa imewashwa inaweza kugusisha chanya kwenye ukuta wa soketi, fyuzi ikakatika papo hapo. Weka fyuzi ya ampea zilezile. Ikikatika tena mara tu unapowasha upande uliobadili balbu, toa balbu hiyo uwashe tena: fyuzi ikidumu, kasoro iko kwenye balbu au namna ilivyokaa, ikikatika hata soketi ikiwa tupu, tafuta waya uliobanwa ulipokuwa unarudisha taa mahali pake.