Jina la benki juu ya meseji halithibitishi chochote

Wengi wetu tukikaa kupanga meseji za watu tusiowajua hutumia kipimo kimoja: nani kaituma. Yenye jina la benki inabaki, yenye namba ndefu ya ajabu inafutwa. Kipimo hicho hukosea pande zote mbili.

Dhana: Ikiingia kwenye mazungumzo yaleyale ya benki, basi ni ya benki

Hii ndiyo dhana iliyowaponza wengi zaidi, na si kwa sababu ya uzembe. Mtu anafungua meseji, juu kaona jina la benki yake, chini yake kaona taarifa halali za miezi iliyopita. Kwa nini ashuku?

Ukweli ni kwamba jina lile si namba ya simu. Ni maandishi yasiyozidi herufi 11, na anayeyaandika ni mtumaji mwenyewe, kwa kawaida kupitia kampuni za kutuma meseji kwa wingi. Penye usimamizi mzuri, jina husajiliwa kwanza na wengine huzuiwa kulitumia. Pasipo na usimamizi, tapeli huandika jina la benki kama anavyoandika jina lake. Simu yako haina njia ya kuhakiki. Inachofanya ni kulinganisha herufi tu: jina likifanana, meseji inawekwa kwenye mazungumzo yaleyale. Kwa hiyo ya uongo inakaa chini ya ya kweli, na simu yenyewe ndiyo iliyoipanga hapo.

Desemba 2021 hilo liliwapata wateja wa benki ya OCBC huko Singapore. Meseji za uongo ziliingia kwenye mazungumzo halisi ya benki, na wateja wapatao 790 wakapoteza jumla ya takriban dola milioni 13.7 za nchi hiyo. Baada ya hapo benki za huko zilitakiwa kuondoa viungo kwenye meseji zinazokwenda kwa wateja wa kawaida, na tangu mwaka 2023 jina lisilosajiliwa huonekana kwenye simu kama `Likely-SCAM`. Usajili umesaidia, ila hauzibi kila tundu. Wapo matapeli wanaozunguka na mnara bandia, mara nyingi ndani ya gari, unaozivuta simu za jirani zishuke hadi mtandao wa 2G na kuzitupia meseji moja kwa moja. Meseji hiyo haipiti kwa kampuni ya simu, kwa hiyo vichujio vyao havina pa kuikamatia. Kama simu yako ni Androidi na ina sehemu ya kuzima 2G kwenye mipangilio ya mtandao, izime, ilimradi unapoishi kuna mtandao wa juu zaidi.

Dhana: Namba nisiyoijua ni tapeli, nafuta bila kusoma

Taarifa halali inaweza kufika kwa namba fupi, au hata kwa namba ya kawaida, hasa ukiwa nje ya nchi, maana mitandao mingine haipitishi majina na huyabadilisha kuwa namba. Ukifuta bila kusoma, unaweza kufuta taarifa ya pesa zilizotoka bila wewe kujua. Folda ya watumaji wasiojulikana nayo isikudanganye: kwenye aifoni, kinachoangaliwa hasa ni kama mtumaji yumo kwenye majina uliyohifadhi, si kama anasema kweli.

Hapo kuna mtego mmoja mdogo. Aifoni haikuruhusu kubonyeza kiungo cha mtu usiyemjua mpaka umjibu au umhifadhi. Matapeli wanalijua hilo, ndiyo maana meseji zao huishia na “jibu Y, kisha fungua tena”. Sijawahi kuona sababu ya benki kuomba kitu kama hicho.

Basi tuangalie nini, kama mtumaji hatoshi? Angalia meseji inakutaka ufanye nini. Chukua hii:

“Malipo yamefanyika kwa kadi inayoishia 4417. Kama si wewe, sitisha ndani ya dakika 30: `https://benkiyako.com.usalama-akaunti.example/sitisha`”

Nusu ya kwanza ni taarifa safi, ingeweza kutoka benki yoyote. Nusu ya pili inakukimbiza. Taarifa ya kweli hueleza kilichotokea na kuishia hapo, au hukuambia upige simu. Sasa kiungo: tafuta alama ya mkwaju, `/`, ya kwanza baada ya `https://`, kisha soma kwenda kushoto. Mwenye tovuti ni yule aliye karibu na mkwaju huo, yaani `usalama-akaunti.example`. Hayo `benkiyako.com` ya mwanzo ni pambo tu, mwenye tovuti anaweza kuweka neno lolote pale. Na ile `https` inaonyesha kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, haisemi upande wa pili kuna nani. Tapeli huipata bure.

Kuna benki ambazo bado hutuma viungo halali, kwa hiyo kiungo peke yake si hukumu. Lakini huhitaji kukibonyeza hata kikiwa halali: funga meseji, fungua programu ya benki mwenyewe, utazame miamala. Kama malipo yale yapo, utayaona. Kama hayapo, una jibu lako.

Dhana: Wanajua tarakimu za kadi yangu, kwa hiyo ni wao

Tarakimu nne za mwisho huchapishwa kwenye risiti. Zile za mwanzo zinaitambulisha benki iliyotoa kadi, hivyo unazishiriki na wateja wengine wengi. Jina na namba yako ya simu huvuja kila mara kutoka kwenye maduka na huduma ulizojisajili.

Dhana: Namba ya uthibitisho imetoka benki kweli, kwa hiyo niko salama

Hapa ndipo hata wajanja hunaswa, kwa sababu meseji ni halali kabisa. Tapeli aliyekwisha kupata neno lako la siri anafungua ukurasa halisi wa benki na kuliingiza. Benki, kama ilivyopangwa, inakutumia wewe namba ya uthibitisho. Muda huohuo simu inaita: “Tunapiga kutoka kitengo cha usalama, kuna mtu anajaribu kuingia kwenye akaunti yako. Tutajie namba uliyotumiwa tumzuie.” Na kweli yupo anayejaribu kuingia: ni huyohuyo unayezungumza naye.

Dawa ni kuisoma meseji yote badala ya kurukia tarakimu. Benki nyingi huandika namba ni ya kazi gani: kuingia, kusajili kifaa kipya, kuongeza mpokeaji, kuidhinisha malipo. Kama hukuanzisha kitu hicho, namba hiyo haina kazi kwako, na kuja kwake ni dalili kwamba huenda neno lako la siri limeshajulikana. Libadilishe ndani ya programu ya benki. Kumzuia mtu hakuhitaji namba ya uthibitisho. Namba hiyo kazi yake ni kuruhusu.

Na ukiwa umeshabonyeza? Kufungua kiungo tu, kwa kawaida, hakutoi pesa kwenye akaunti. Hasara huja ukijaza taarifa au ukikubali kupakua programu. Kama umejaza, usisubiri asubuhi. Piga namba iliyo nyuma ya kadi, si ile iliyo kwenye meseji, uombe kadi na huduma ya mtandaoni vifungwe, na uulize kama kuna kifaa kipya kilichosajiliwa kwenye akaunti yako. Meseji yenyewe usiifute, benki wataihitaji.