"Mabadiliko madogo yasiyoathiri hitimisho": sentensi ninayoifuta kila mara

Wiki hii nimeifuta tena. Rasimu ya makala, sehemu ya mbinu, aya ya mwisho: "Kulikuwa na mabadiliko madogo kwenye mpango wa uchambuzi uliosajiliwa, ambayo hayakuathiri hitimisho la utafiti." Mpango wa aina hiyo huandikwa na kusajiliwa, na tarehe yake, kabla ya matokeo kuonekana. Kazi yangu ni kuwasaidia watafiti takwimu zao, na sentensi hii huniijia kwa maneno yale yale, kana kwamba wote wameinakili mahali pamoja. Anayeiandika hana nia mbaya. Anaamini kwamba akishaiandika amekiri, deni limelipwa. Halijalipwa.

Dhana: Nikisema tu kwamba niliubadilisha mpango, nimeshaweka mambo wazi

Sentensi ile haimpi msomaji kitu hata kimoja cha kupima. Kilichobadilika ni nini? Kilibadilika lini, kabla au baada ya kuona matokeo? "Madogo" kwa kipimo cha nani? Na imejulikanaje kwamba "hayakuathiri", ikiwa matokeo ya mpango wa awali hayaonekani popote kwenye makala? Msomaji anaambiwa amwamini mwandishi tu, wakati mpango ulisajiliwa mapema ili asilazimike kumwamini mtu.

Chukua mfano. Namba nimezitunga ili nisimwanike mteja yeyote, lakini mkasa ni wa aina ninayokutana nayo kila mara. Utafiti unapima kama ujumbe mfupi wa simu wa kukumbusha dawa unapunguza presha. Watu 412 kutoka kliniki 6 wamegawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Mpango uliosajiliwa unasema kipimo kikuu ni namba ya juu ya presha mwezi wa sita, makundi yatalinganishwa kwa modeli inayozingatia presha ya kuanzia na kliniki, na kila aliyepimwa mwezi huo ataingizwa. Waliopimwa ni 371.

Mtafiti anaendesha uchambuzi kama ulivyopangwa. Kundi la ujumbe liko chini kwa mmHg 3.1, na wigo wa uhakika wa asilimia 95 unatoka -6.6 hadi 0.4. Sifuri imo ndani, yaani huenda ujumbe haukusaidia kitu. Anarudi kwenye data, anawaona watu 7 wenye presha ya zaidi ya 220, watano wa kundi la ujumbe na wawili wa kundi la ulinganisho. Anapiga simu kliniki, anaambiwa mashine moja mkanda wake ulikuwa umechakaa. Anawatoa wale 7 na kuendesha upya. Sasa tofauti ni -4.2, wigo kutoka -7.6 hadi -0.8. Makala inaandikwa kwa namba hiyo, na ile sentensi inapachikwa mwisho wa mbinu.

Mtafiti huyu atakuambia kwamba alikuwa na sababu, na ni kweli, mkanda ulichakaa. Hapa ndipo ninapopoteza subira, kwa sababu mkanda uliochakaa hauharibu namba za juu peke yake. Mashine ile ilipima watu 38 mwezi ule. Saba wametolewa kwa kuwa namba zao zinatisha, na 31 wameachwa kwa kuwa namba zao zinapendeza macho. Ikiwa kosa ni la mashine, wote 38 watoke. Wakitoka wote wanabaki watu 333, tofauti ni -3.3, na wigo unatoka -7.0 hadi 0.4. Sifuri imerudi ndani.

Kwa hiyo yale "mabadiliko madogo" ndiyo yaliyobeba hitimisho lote. Wala mtafiti hakudanganya. Alikuta sababu halali, akaitumia nusu, na nusu aliyoitumia aliichagua akiwa ameshaona namba. Ile sentensi moja ndiyo iliyomzuia yeye mwenyewe kuliona hilo. Angelazimika kuandika kwa kirefu nani alitolewa na kwa kanuni gani, angekwama kwenye swali la wale 31 kabla mhakiki hajamkwamisha.

Ninachomtaka mteja aandike kwenye mbinu, pale pale panapoelezwa nani aliingizwa kwenye uchambuzi, ni aya ya namna hii:

> Mpango uliosajiliwa ulisema kwamba kila mshiriki aliyepimwa mwezi wa sita ataingizwa. Baada ya kuendesha uchambuzi huo na kuona matokeo yake, tuligundua kwamba mashine moja yenye mkanda uliochakaa ilitumika kuwapima washiriki 38. Tumeongeza uchambuzi usiokuwa kwenye mpango, unaowatoa wote 38. Tuliufanya tukijua matokeo ya awali na tukijua kila mshiriki yuko kundi gani.

Ni sentensi nne tu. Zinasema mpango ulitaka nini, nini kimefanyika, kwa nini, na mwandishi alikuwa ameshaona nini alipoamua. Hilo la mwisho ndilo watu huliruka, na ndilo lenye uzito kuliko yote. Kwenye matokeo, namba ya mpango inatangulia: -3.1 na wigo wake, kwa watu 371. Inayofuata ni -3.3 kwa watu 333, ikiwa na jina lake wazi kwamba haikupangwa. Hata ile -4.2 naiweka kwenye kiambatisho, pamoja na maelezo kwamba ilijaribiwa kwanza, maana ilijaribiwa kweli. Muhtasari unabeba -3.1. Ukiipeleka namba ya mpango kiambatishoni na kuiacha nyingine itawale muhtasari, umeficha, hata kama kila neno la kiambatisho ni kweli.

Msomaji makini anaweza kukunasa bila kuiona data yako. Anafungua usajili upande mmoja na makala upande wa pili, kisha anahesabu watu. Mchoro wa washiriki unasema 371 walipimwa, jedwali la matokeo linasema 364. Saba wamekwenda wapi? Mimi nikiwa mhakiki huanzia hapo kabla sijasoma aya hata moja ya utangulizi.

Dhana: Mabadiliko yote yana uzito sawa, kwa hiyo nikiyataja yote nitaonekana mzembe

Hofu hii ndiyo inayoizaa ile sentensi fupi. Ukweli ni kwamba uzito wa badiliko unategemea sana ulikuwa umeona nini ulipoliamua. Kwenye mfano wetu, tuseme mvua zilikata barabara, na timu ikapanua muda wa kupokea vipimo vya mwezi wa sita kutoka siku 14 hadi siku 30 kila upande. Uamuzi ulifanyika kabla ya mtu yeyote kufungua data ya presha, na kuna barua pepe yenye tarehe. Badiliko hilo halimtishi mtu. Liandike kwa sentensi mbili, taja tarehe, endelea. Mwongozo wa ICH E9 wa mwaka 1998, unaofuatwa na wanaofanya majaribio ya dawa, unatambua wazi kwamba mpango wa uchambuzi unaweza kuboreshwa baada ya kuipitia data, mradi anayeipitia hajui nani yuko kundi gani.

Kati ya hali hizo mbili kuna eneo la katikati: umeona data lakini hujaona tofauti ya makundi. Sema hivyo hivyo. Usijipandishe daraja kwa kuandika "kabla ya uchambuzi" wakati ulikuwa umeshachora grafu mbili tatu.

Tena wanaojiona wazembe hawako peke yao. Watafiti waliopitia tafiti 27 zilizosajiliwa mapema na kuchapishwa katika jarida la Psychological Science kati ya 2015 na 2017 walikuta mabadiliko kwenye zote. Isipokuwa moja tu, kila moja ilikuwa na angalau badiliko moja ambalo halikuelezwa kikamilifu. Kuubadilisha mpango ni hali ya kawaida ya kazi hii.

Ushauri ninaoung'ang'ania ni huu: fungua faili moja siku unayosajili mpango. Kila uamuzi unaougusa mpango uandike siku hiyo hiyo, na tarehe, na nani ameamua, na ameshaona nini. Ukingoja hadi miezi minane baadaye, sababu utaikumbuka vizuri sana. Usichokumbuka ni kama ulikuwa umeshaiona ile namba.

Dhana: Nimerekebisha rekodi ya usajili, kwa hiyo makala inalingana na mpango

Makala inalingana na rekodi ya jana. Rejista ya majaribio ya tiba ya ClinicalTrials.gov huhifadhi historia ya mabadiliko, na kwenye OSF, tovuti ambako watafiti husajili mipango yao, toleo la kwanza hubaki na tarehe yake. Yeyote anaweza kulitazama. Taja toleo la kwanza kwenye makala, kisha eleza kilichofuata.

Dhana: Mhakiki ndiye aliyeutaka uchambuzi huu, kwa hiyo haunihusu

Unakuhusu. Andika kwamba uliongezwa kwa ombi la mhakiki, baada ya matokeo kujulikana. Usimruhusu aiondoe namba ya mpango.

Dhana: Nilichoahidi na sikukifanya si badiliko, ni kufupisha makala

Hii ni ndugu wa ile ya kwanza, tena ni ngumu zaidi kuiona kwa sababu haiachi alama kwenye ukurasa. Mradi wa COMPare wa Oxford ulifuatilia majaribio 67 yaliyochapishwa na majarida 5 makubwa ya tiba kuanzia Oktoba 2015. Walikuta vipimo 354 vilivyoahidiwa kwenye mipango na havikuripotiwa, na vingine 357 vilivyoongezwa kimya kimya. Katika 58 kati ya hayo 67 ilibidi jarida liandikiwe barua ya kusahihisha. CONSORT ya mwaka 2025, mwongozo wa kuripoti majaribio ya bahati nasibu, inakutaka useme waziwazi ni vipimo na uchambuzi gani haukupangwa mapema, na kwa nini.

Kabla ya kutuma makala, chapisha mpango uliosajiliwa kwenye karatasi na kalamu uwe nayo mkononi. Kila kipimo na kila uchambuzi ulioahidiwa, tafuta namba yake kwenye makala na uweke tiki. Kwenye ule utafiti wa presha, tuseme mpango uliahidi pia kuhesabu vidonge vilivyobaki mwezi wa tatu, na kliniki mbili hazikuhesabu. Hapo hakuna tiki. Basi matokeo ya kliniki nne zilizohesabu yaingie, na mbinu iseme kwamba mbili hazikuhesabu na kwa nini.